PAYE kwa mstari mmoja: zidisha, toa namba moja, umemaliza

Kama ushawahi kukaa mwisho wa mwezi na orodha ya wafanyakazi thelathini na kalkuleta mkononi unaijua hii shughuli ya PAYE, kodi ambayo mwajiri anaikata kwenye mshahara kila mwezi: unaukata mshahara wa mtu vipande, hiki cha asilimia 8, hiki cha 20, hiki cha 25, unajumlisha, ukikosea kipande kimoja unarudi mwanzo, na bado kuna watu ishirini na tisa wanasubiri. Kuna njia fupi. Unachukua kipato chote cha mtu kinachotozwa kodi, unazidisha kwa asilimia ya ngazi aliyofikia, unatoa namba moja ambayo ni ileile kwa kila mtu wa ngazi hiyo, na jibu ndo hilo. Na sio makadirio, ni jibu lilelile la njia ndefu mpaka senti ya mwisho.

Wajapani hii namba ya kutoa wanaichapa kabisa kwenye jedwali lao la kodi ya mapato, ina safu yake: aliye ngazi ya asilimia 10 anatoa yen 97,500, wa asilimia 20 anatoa yen 427,500, wanaendelea hivyo mpaka juu. Sisi jedwali letu la PAYE linakuja kwa mtindo wa "elfu 68 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi laki saba na sitini", kwa hiyo namba za kutoa tunazitengeneza wenyewe. Ni kazi ya dakika tano, ila nataka ujue zinatoka wapi, maana atakayezikopi tu bila kujua chanzo chake siku viwango vikibadilika ataumia, na chini huko ntakuonyesha mtu alivyoumia.

Natumia viwango vya Tanzania bara vya mwezi kwa mfanyakazi mkazi, vilivyoanza Julai 2021. Laki mbili na sabini za kwanza hazina kodi. Kutoka 270,000 mpaka 520,000 ni asilimia 8. Kutoka 520,000 mpaka 760,000 ni asilimia 20. Kutoka 760,000 mpaka milioni moja ni asilimia 25. Kinachozidi milioni ni asilimia 30.

Kwanza tafuta kipato kinachotozwa kodi, usianze na mshahara ghafi

Hapa ndo wengi wanapotelea kabla hata hesabu haijaanza. Mchango wa mfanyakazi wa mfuko wa hifadhi ya jamii unatoka kabla ya kodi. Tuchukue dada mmoja anayelipwa 1,350,000 kwa mwezi, yuko NSSF na anakatwa asilimia 10, yaani 135,000. Kinachobaki ni 1,215,000 na hiyo ndo tunaitoza kodi, sio ile 1,350,000. Mkopo wa bodi ya elimu ya juu wenyewe haupunguzi kodi, unakatwa pembeni, kwa hiyo usiutoe hapa.

Njia ndefu inaenda hivi: zile 270,000 za kwanza sifuri, 250,000 zinazofuata kwa asilimia 8 ni 20,000, 240,000 kwa asilimia 20 ni 48,000, 240,000 nyingine kwa asilimia 25 ni 60,000, na 215,000 za juu ya milioni kwa asilimia 30 ni 64,500. Jumla 192,500. Ishike hiyo namba.

Sasa jifanye humjui huyu dada na umtoze yote kwa asilimia 30

Asilimia 30 ya 1,215,000 ni 364,500. Umemuonea, tena sana. Swali ni umemuonea kiasi gani, na hilo tunaweza kulijibu kipande kwa kipande.

Kwenye 270,000 za kwanza alitakiwa alipe sifuri na wewe umemtoza 30, umemzidishia asilimia 30, ambayo ni 81,000. Kwenye 250,000 zinazofuata alitakiwa alipe 8 umemtoza 30, umemzidishia 22, ni 55,000. Kwenye zile 240,000 za asilimia 20 umemzidishia 10, ni 24,000. Kwenye 240,000 za asilimia 25 umemzidishia 5, ni 12,000. Juu ya milioni hujamzidishia kitu, hapo 30 ndo haki yake.

Jumlisha: 81,000 na 55,000 na 24,000 na 12,000 ni 172,000. Mrudishie: 364,500 toa 172,000 ni 192,500. Jibu lilelile.

Sasa angalia tena hizo namba nne tulizojumlisha. Hakuna hata moja iliyougusa mshahara wa huyu dada. Zimetokana na upana wa ngazi na tofauti ya asilimia, basi, kwa sababu mtu yeyote aliyevuka milioni ngazi zote za chini kashazijaza mpaka juu, awe na milioni moja na laki mbili au awe mkurugenzi wa milioni kumi na tano. Kwa hiyo uonevu wa kurudisha ni 172,000 kwa wote. Ndo maana namba haibadiliki, na ndo maana njia fupi inafanya kazi.

Kutengeneza namba za ngazi zote bila kurudia ile hesabu ndefu

Ungeweza kurudia hivyo kwa kila ngazi lakini kuna njia ya kupanda kama ngazi za nyumba, kila namba inajengwa juu ya iliyopita. Fikiria mtu mwenye 520,000 kamili. Huyu yuko mpakani, ukimhesabu kwa asilimia 8 au kwa asilimia 20 lazima kodi iwe moja, maana hana hata shilingi iliyozidi mpaka. Kwenye asilimia 8 namba ya kutoa ni rahisi, ni asilimia 8 ya zile 270,000 zisizo na kodi, yaani 21,600. Ukihamia asilimia 20 umeongeza asilimia 12 kwenye 520,000 zote, yaani umeongeza 62,400, na ili kodi ibaki palepale lazima namba ya kutoa nayo iongezeke 62,400 hizohizo. 21,600 na 62,400 ni 84,000.

Kanuni yake ni hii tu:

```
namba mpya = namba iliyopita + mpaka × (asilimia mpya − asilimia iliyopita)
```

Endelea kupanda. Mpaka wa 760,000, asilimia imepanda kutoka 20 kwenda 25, asilimia 5 ya 760,000 ni 38,000, jumlisha na 84,000 unapata 122,000. Mpaka wa milioni, kutoka 25 kwenda 30, asilimia 5 ya milioni ni 50,000, jumlisha na 122,000 unapata 172,000. Imekutana na ile tuliyoipata kwa kurudisha uonevu kipande kwa kipande, na ukiona njia mbili tofauti zimekutana hivyo jua uko salama.

Jedwali zima la kubandika ukutani ni hili:

| Kipato kinachotozwa kodi kwa mwezi | Zidisha kwa | Kisha toa |
|---|---|---|
| mpaka 270,000 | 0 | 0 |
| zaidi ya 270,000 mpaka 520,000 | 8% | 21,600 |
| zaidi ya 520,000 mpaka 760,000 | 20% | 84,000 |
| zaidi ya 760,000 mpaka 1,000,000 | 25% | 122,000 |
| zaidi ya 1,000,000 | 30% | 172,000 |

Ukiwa unatumia lile jedwali la kawaida la "elfu kadhaa jumlisha asilimia ya kinachozidi" unaweza kuhakiki hivi: kwa ngazi ya 20 linasema 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Asilimia 20 ya 520,000 ni 104,000, toa zile 20,000, inabaki 84,000. Namba yetu ileile. Hizi ni njia mbili za kusema kitu kimoja, yetu imefungua tu mabano.

Na kumbuka ni namba za mwezi. Ukihesabu mwaka mzima zidisha mipaka na namba za kutoa zote kwa 12, ya juu inakuwa 2,064,000, ila asilimia haziguswi. Nimeshaona mtu kapiga kipato cha mwaka mzima asilimia 30 halafu akatoa 172,000 ya mwezi mmoja, kodi ikatoka kubwa mno mpaka mwenyewe akashtuka. Kingine, mtu ambaye kwako ni ajira ya pili yeye anakatwa 30 moja kwa moja, hana namba ya kutoa, kwa sababu zile ngazi za chini anazitumia kwenye ajira yake ya kwanza.

Kuweka kwenye Eksel, na hapa kuna kitu kizuri

Wengi wanaandika IF ndani ya IF ndani ya IF mpaka mabano yanapotea. Huhitaji. Kama kipato kinachotozwa kodi kiko seli A2 andika:

```
=MAX(0, 0.08*A2-21600, 0.2*A2-84000, 0.25*A2-122000, 0.3*A2-172000)
```

Inahesabu kodi kwa mistari yote mitano na kuchukua kubwa kuliko zote, huiambii hata mtu yuko ngazi gani, inajijua yenyewe. Kwa nini kubwa ndo sahihi? Chukua mtu wa 900,000. Mstari wake halali ni wa 25: 225,000 toa 122,000, kodi 103,000. Jaribu mstari wa 30: 270,000 toa 172,000 ni 98,000, imepungua 5,000. Imepungua kwa sababu ile 172,000 inarudisha uonevu kama vile mtu kajaza ngazi ya 25 mpaka milioni, wakati huyu kabakiza laki moja, kwa hiyo umemrudishia asilimia 5 ya laki moja ambayo hukumtoza kabisa. Jaribu mstari wa 20: 180,000 toa 84,000 ni 96,000, imepungua 7,000, maana zile 140,000 zake za juu ya 760,000 umezitoza 20 badala ya 25.

Yaani mstari usio wako, uwe wa juu au wa chini, daima unatoa kodi pungufu. Faida yake kwa anayehesabu kwa mkono: ukichagua mstari mzima usio sahihi kosa litakuwa la kupunja kodi siku zote, halitamzidishia mfanyakazi hata mara moja, na kodi pungufu anakuja kudaiwa mwajiri. Ukichanganya asilimia ya mstari mmoja na namba ya mstari mwingine hapo ndo lolote linaweza kutokea.

Lakini hii ya MAX inategemea asilimia ziwe zinapanda tu. Ukikutana na mfumo ambao asilimia inashuka kwenye ngazi ya juu, MAX itakudanganya, namba za kutoa zenyewe bado zitakuwa sahihi ila itabidi uchague mstari kwa IF.

Kosa la 2,500

Kabla ya Julai 2021 ngazi ya kwanza ilikuwa asilimia 9, sio 8. Mipaka ilikuwa hiihii, 20 na 25 na 30 zilikuwa hizihizi. Kilichobadilika ni hiyo 9 tu kuwa 8. Sasa kuna ofisi moja nilienda kusaidia kufunga hesabu, wana faili la mishahara la siku nyingi lenye njia hii hii fupi, na kijana wa mishahara, kijana makini kabisa, alisoma kwamba ngazi ya kwanza imeshuka kuwa 8, akabadilisha mstari wa kwanza, 9 kuwa 8, 24,300 kuwa 21,600, akaacha mistari mingine kwa sababu asilimia zake hazijaguswa. Ukimsikiliza unaona ana hoja.

Ila kumbuka namba zinavyojengwa, kila moja imekaa juu ya ile ya chini yake. Ukigusa msingi ghorofa zote zinasogea. Ile 21,600 ya chini inaingia kwenye 84,000, inaingia kwenye 122,000, inaingia kwenye 172,000. Faili lake lilikuwa bado lina namba za zamani, 81,500 na 119,500 na 169,500, kila moja pungufu kwa 2,500, ambayo ni ile asilimia moja iliyoondolewa kwenye laki mbili na nusu za ngazi ya kwanza. Matokeo yake wafanyakazi wa chini ya 520,000 walikuwa sawa na kila aliyezidi hapo alikatwa 2,500 zaidi kila mwezi, na hakuna aliyelalamika kwa sababu nani anaangalia 2,500 kwenye salari slipu. Mama mmoja wa stoo ndo aliyenifanya niangalie. Aliongezwa mshahara kidogo, kipato chake cha kutozwa kodi kikatoka 519,000 kwenda 521,000, kinachobaki mkononi kikashuka. Akaja na slipu mbili, ya mwezi uliopita na ya mwezi huu, kaziweka mezani sambamba, akaniuliza "mwanangu, nimeongezwa au nimepunguzwa?"

Kwenye ngazi zilizopangwa vizuri hiyo haiwezekani. Kuvuka mpaka hakukupunguzii mkononi kamwe, kwa sababu asilimia mpya inagusa kilichozidi tu. Mwenye milioni kamili anabaki na 872,000 baada ya kodi, akiwa na milioni na elfu kumi kodi ni 303,000 toa 172,000, yaani 131,000, anabaki na 879,000. Kaongezwa elfu kumi kabaki na elfu saba, hajapoteza. Kwa hiyo ukiona kuvuka mpaka kumemshusha mtu usimwambie "ndo kodi zilivyo", kafungue faili.

Kipimo chenyewe ni hiki, kifanye kila unapotengeneza au kurithi jedwali: kila mpaka uhesabu mara mbili, kwa mstari wa chini na kwa mstari wa juu. Kwenye 520,000, mstari wa 8 unatoa 41,600 toa 21,600, ni 20,000. Mstari wa 20 unatoa 104,000 toa 84,000, ni 20,000. Zimelingana, mpaka uko sawa. Faili la yule kijana lilikuwa linatoa 20,000 huku na 22,500 kule. Fanya hivyo kwa 270,000, 760,000 na milioni pia, maana kwenye faili lile 760,000 na milioni zilikuwa zinalingana vizuri tu, namba zote za zamani zilikuwa zinaelewana zenyewe kwa zenyewe, palipopasuka ni mahali pamoja tu, kwenye 520,000. Na kama ungekuwa unatumia MAX huo mruko usingeuona kabisa, kodi ingeanza kuzidi taratibu kuanzia kama 499,000 hivi bila mshtuko wowote, kwa hiyo kipimo cha mpakani fanya kwa mistari yenyewe, usipime kwa jibu la MAX.

Kurudi nyuma: mtu anataka kiasi fulani mkononi

Hapa ndo njia ndefu inapogoma kabisa. Mtu anakwambia "bosi mi nataka milioni moja na laki moja na themanini mkononi, makato mtajua wenyewe". Watu wanakisia mshahara, wanahesabu, wanaongeza, wanahesabu tena. Kwa namba ya kutoa ni mstari mmoja.

Kwenye ngazi ya 30 mtu anabaki na asilimia 70 ya kipato cha kutozwa kodi, jumlisha 172,000 tulizomrudishia. Kwa hiyo geuza: toa 172,000 kwenye kiasi anachotaka, gawa kwa 0.7.

1,180,000 toa 172,000 ni 1,008,000, gawa kwa 0.7 ni 1,440,000. Hicho ndo kipato kinachotozwa kodi. Kama yuko NSSF ya asilimia 10 hiyo ni asilimia 90 ya mshahara ghafi, gawa kwa 0.9, unapata 1,600,000.

Utajuaje ni ngazi ya 30 wakati mshahara hujaujua bado? Angalia mpaka kwa upande wa mkononi: mwenye 520,000 anabaki na 500,000, mwenye 760,000 anabaki na 692,000, mwenye milioni anabaki na 872,000. Anayetaka 1,180,000 kashavuka 872,000, ni 30. Angetaka 800,000 angekuwa kati ya 692,000 na 872,000, huyo ni 25, unatoa 122,000 na kugawa kwa 0.75.

Hakiki kwa kushuka: 1,600,000, NSSF 160,000, inabaki 1,440,000, asilimia 30 ni 432,000 toa 172,000 kodi 260,000, mkononi 1,180,000. Ila kabla hujamwandikia barua muulize kama ana mkopo wa bodi, maana asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa baada ya hapo, na kama hiyo 1,600,000 yote ni mshahara wa msingi zinaondoka 240,000 nyingine na mkononi anabaki na 940,000.